Bibi harusi anataka nimwekee sura ya mtu tusiyemjua kwenye picha ya familia, nimekataa, balansi kaishikilia

Kipara wa Kamera
Wakuu habari za usiku. Mimi ni mpiga picha wa harusi huku Tanga, mwaka wa tisa sasa, napiga Korogwe, Muheza, Lushoto mpaka Tanga mjini. Leo sijaja kuuza huduma modi msinifungie uzi, nina jambo limenikaa kooni wiki ya pili.

Nilipiga harusi moja Lushoto mwezi uliopita, kanisani kisha ukumbini, kazi nzuri haina shida, bibi harusi mtaratibu sana na kamati yao walilipa advansi siku ileile bila kuzungushana. Ibaada ilipoisha tukatoka kwenye ngazi za kanisa tukapiga ile picha ya familia ya bibi harusi, watu 12 mistari miwili, saa 8 mchana lakini kivulini maana jengo linatupa kivuli upande ule. Aliyemshika mkono kumpeleka madhabahuni ni baba yake mdogo, mzee mrefu wa kaunda suti ya kijivu, kwenye picha kasimama kulia kwa bibi harusi. Baba mzazi alifariki 1996 binti akiwa hajafikisha hata mwaka.

Nikawatumia picha za kuchagua za albamu. Siku mbili baadaye meseji wasap, naiandika kama ilivyokuja: "Kaka naomba kitu kimoja tu, ile ya ngazi sura ya baba mdogo uitoe uweke hii." Chini kaweka skrinshoti ya fesibuku, mtu kapiga picha mnadani, ng'ombe wengi, na nyuma kabisa kuna mzee kasimama na kofia ya pama, wala siye aliyepigwa, kaingia tu kwenye picha ya watu.

Nikauliza huyu nani, baba yako? Akasema hapana kaka, huyu hatumjui, ila mama alipoiona kwenye simu ya mdogo wangu alilia, kasema ndiye baba yako kabisa hata anavyosimama. Sisi hatuna picha ya baba hata moja.

Nikakaa kimya kama saa nzima wakuu. Halafu nikajibu siwezi. Akanijibu kwamba anajua naweza, ameona nilivyomtoa yule mtoto aliyepita nyuma ya keki. Kisha akasema balansi, laki tatu na nusu, atamalizia picha ikikaa sawa. Naomba mawazo, na msije na matusi kwa huyu dada, nimekaa naye siku nzima ni mtu mzuri.

chapati_mbili
Mbona jambo la kawaida mkuu? Harusi yangu 2019 shemeji alifumba macho kwenye picha zote, mpiga picha akachukua kichwa cha picha nyingine akabandika, hakuna aliyejua hadi leo. We unajitia ulokole wa kamera, fanya chukua hela yako.

Kipara wa Kamera
chapati_mbili soma vizuri ndugu yangu. Hiyo ya shemeji yako naifanya kila wiki. Kundi la watu 12 siwezi kupiga fremu moja, napiga sita mpaka nane bila kuhamisha miguu, maana lazima kuna atakayefumba macho au kuangalia pembeni. Kisha nachukua fremu nzuri kuliko zote, yule aliyefumba namtafuta kwenye fremu ya sekunde mbili mbele, nahamisha kichwa chake yeye kwenye mwili wake yeye, mwanga uleule, shingo ileile. Mtu alikuwepo, macho alikuwa nayo, nimechelewa kubonyeza tu. Imo hata kwenye mkataba wangu.

Hii nyingine ni kutoa kichwa cha mtu aliyekuwepo, mzee wa watu aliyeamka saa 10 usiku kupanda basi aje amsindikize mtoto wa ndugu yake, nikaweka cha mtu ambaye hajui hata kama Lushoto kulikuwa na harusi.

Dogo_Fotoshopu
Bro nipe hiyo kazi, elfu 30 tu, dakika kumi. Siku hizi huna haja ya kuhangaika na leya, kuna app unaipa sura hii na mwili ule inamaliza yenyewe mpaka rangi ya ngozi inafananisha. Mteja kataka mteja kapata. Mnazeeka nyie.

Kipara wa Kamera
Dogo sikatai kwamba inawezekana, na ndiyo maana hii kitu inaniuma, ingekuwa haiwezekani ningesema tu haiwezekani tukaachana salama. Lakini kwa kuwa umeleta ufundi ngoja nikupe ufundi. Hiyo skrinshoti sura nzima ina pikseli kama 90 kwa upana, ya baba mdogo kwenye faili langu inakaribia 400. Yule mzee kapigwa jua la saa sita, kivuli cha pua kinashuka chini moja kwa moja, na kofia imemfunika kuanzia paji la uso mpaka kwenye macho. Kwangu mwanga unatoka kushoto, laini. Sasa hiyo app yako haya macho itayatoa wapi? Itayakisia. Itatunga macho. Kwa hiyo utakayemweka pale hatakuwa baba wa yule dada, na hatakuwa hata yule mzee wa mnadani, atakuwa mtu wa tatu ambaye hajazaliwa.

Dogo_Fotoshopu
Nani atazumu mpaka huko 😂

Binti Usambara
Mimi nitakuwa tofauti na nyie wote, na naomba mnisikilize. Mnaongea pikseli wakati hapa kuna mtoto hajawahi kuona sura ya baba yake. Mnajua hiyo ikoje? Mimi najua ya bibi yangu tu nisiyemwona nikaumia, sembuse baba. Mama mtu kaishi miaka karibu 30 na sura kichwani peke yake, leo kaiona kwenye simu, nyie mnasema kivuli cha pua. Anayedhurika nani? Picha itakaa kwenye albamu ndani ya kabati. Kipara mimi nahisi unajilinda wewe na jina lako la biashara.

Kipara wa Kamera
Dada Binti Usambara hapo umenigusa na sikatai yote. Jina la biashara lipo ndani, siwezi kudanganya. Ila niambie, kabati hilo miaka 15 ijayo nani atalifungua? Watoto wa huyu bibi harusi. Wataonyeshwa huyu ndiye babu yenu. Watakua na sura ya mfanyabiashara wa ng'ombe asiyewajua, wataanza kusema kijana wa pili kachukua pua ya babu. Na yeye yule mama, sasa hivi anakumbuka mume wake akaona mtu anayefanana naye. Akiitazama picha ile kila siku, baada ya miaka mitano nakuapia atakuwa anamkumbuka yule wa mnadani, yule wa kweli atakuwa kafutika kabisa. Na mimi ndiye nitakuwa nimemfuta.

Na baba mdogo je? Siku ya kuja kutazama albamu atajitafuta wapi? Suti ataiona ni yake.

Wakili Njaa
Kisheria hili halina mjadala. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015, kughushi kwa kompyuta, unabadilisha data ionekane halisi wakati si halisi, ni faini au jela. Mwambie mteja wako hivyo ataogopa mwenyewe na atalipa.

Mzee Negativu
Wakili umepatia nusu, nami si mwanasheria ila nimeshaitwa mahakamani mara mbili kutoa ushahidi wa picha kwa hiyo nilisomeshwa. Kughushi kunataka uwe na nia kwamba hicho kitu kitumike kama cha kweli, mfano apeleke ubalozini, apeleke kwenye mirathi aseme huyu ndiye marehemu. Picha ya ukutani ambayo wenyewe wanajua imetengenezwa sidhani kama utamfunga mtu. Kinachomgusa zaidi kijana wetu ni ile Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, imeanza kutumika Mei 2023, sura ya mtu ni taarifa yake, na mpiga picha anayefanya biashara ndiye anayeulizwa ridhaa iko wapi. Yule mzee wa mnadani hajaombwa. Ila naomba usimtishe yule binti na jela, utakuwa umemwongezea msiba.

wa_Kayole
Niaje watu wa TZ. Huku kwetu hii mambo iko serious, sheria ni ya 2019, na Septemba 2023 ofisi ya kamishna wa data ilipiga klabu moja ya Nairobi faini ya 1,850,000 juu waliposti picha ya mteja bila kumuuliza, na shule moja ikapigwa 4,550,000 kwa picha za watoto. Hapo hata hawakuwa wamebadilisha sura, ni kuposti tu. Tangu hiyo siku mimi kwa kila event naweka fomu mlangoni. Kipara kaa ngumu bana.

mamaShukuru
Naomba nisimulie ya kwangu, labda haihusiani sana mnisamehe. Mwaka 2004 nilipiga pasipoti saizi studio moja Mwanza nikiwa natafuta kazi. Wao wakaikuza wakaiweka kwenye kioo cha nje kama mfano wa kazi zao, mimi sina habari nikahama mji. Miaka minne baadaye nimeshaolewa mume wangu anaambiwa na rafiki yake, mbona mkeo nilimwona kwa jamaa mmoja kule visiwani, ana picha yake chumbani anasema ni mchumba wake yuko masomoni. Kumbe yule kaka aliinunua pale studio! Wakamuuzia sura yangu kama kalenda. Hakuwa na nia mbaya nafikiri, alikuwa mpweke tu. Ila mimi ndani ya nyumba yangu ilichukua mwaka mzima kueleweka, na kuna siku bado naulizwa.

Kwa hiyo mnaposema yule mzee wa mnadani hadhuriki, ana mke yule. Ana watoto. Siku moja mtoto wa huyu bibi harusi ataiweka picha status, aandike pumzika kwa amani babu, na mtu wa huko kwao ataiona.

Binti Usambara
mamaShukuru pole. Hilo sikuliwaza.

Mzee Negativu
Nirudi kwenye shida yenyewe maana naona mnazunguka kuchagua adhabu na dawa hamjaitafuta. Kipara, kwa nini hawana picha? Mtu wa 1996 si mtu wa zama za mawe. Nilikuwa na studio miaka hiyo, watu walipiga sana, harusi, Krismasi, mtoto akibatizwa. Zimeenda wapi?

Kipara wa Kamera
Mzee nilimuuliza. Zilikuwemo kwenye sanduku la bati, mvua za El Niño 1997 kuingia 98 zikabomoa ukuta wa nyumba ya mama usiku, sanduku likakaa kwenye maji na tope siku mbili. Mama akazitoa akazianika juani zikiwa zimepangana vilevile. Zikagandana zikawa kama tofali. Alipojaribu kuzibandua sura zote zikabaki upande wa nyuma wa picha nyingine. Akazichoma kwa hasira.

Mzee Negativu
Dah. Zile zingeokoka. Uso wa picha ile ya karatasi ni kama ute wa gundi, ukilowa unavimba na kulainika, ukikauka umegusana na karatasi nyingine ndiyo imetoka. Ukiwahi, unaziacha ndani ya maji safi ya baridi zielee zenyewe, unazibandua moja moja humo humo majini, unaanika kila moja peke yake kivulini sura ikiangalia juu. Na hata zikishagandana mara nyingi ukizirudisha kwenye maji zinaachia. Ila nani angemwambia mjane usiku ule.

Sasa sikiliza. Marehemu alikuwa anafanya kazi wapi? Kama aliajiriwa popote alipiga pasipoti. Na pasipoti wakati ule tulikuwa tunatoa nne kwa mkupuo. Moja inabandikwa kwenye kitambulisho, moja kwenye faili la mwajiri, mbili mtu anabaki nazo. Hizo mbili zimekufa kwenye sanduku. Zile mbili nyingine hazikuwa nyumbani. Nenda katafute huko, na tafuta faili la mirathi, watu wanaambatisha kitambulisho cha marehemu humo na hakuna anayekumbuka kukitoa.

Kipara wa Kamera
Mzee shikamoo tena. Alikuwa dereva wa trekta kwenye shamba la mkonge. Kesho nampigia.

Dogo_Fotoshopu
Mtazunguka mwezi mzima halafu mtarudi kwangu 😂 elfu 30 bado ipo

Kipara wa Kamera
Marejesho wakuu, samahani nimepotea siku tisa.

Nilimpigia bibi harusi, mwanzo alipokea kwa ubaridi akidhani nafuata hela. Nikamwambia habari ya pasipoti nne. Akanyamaza, akasema hakuna mtu aliyewahi kuwaza kitu kama hicho kwao. Shamba lenyewe limeshabadilisha wenye nalo, ofisini wakasema mafaili ya zamani hayapo. Tukahamia kwenye mirathi. Na mirathi ya marehemu aliisimamia nani? Baba mdogo. Yule yule wa kaunda suti.

Hapo kukawa na ugumu, dada anasema mama yake na baba mdogo wanasalimiana vizuri ila ile mirathi haizungumzwi, kuna shamba lilikwenda upande mmoja. Mimi hayo si yangu. Akaniomba nimpigie mimi kwa kisingizio cha picha. Nikampigia, nikamwamkia, nikamwambia tunatengeneza albamu tunatafuta kumbukumbu ya kaka yake. Akakaa kimya mpaka nikadhani mtandao umekata. Akasema, "Kijana, njoo nayo mashine yako hapa nyumbani, hicho kitu hakitoki."

Nikaenda Korogwe Jumapili. Katoa bahasha ya kaki imekatika kwenye mikunjo, ndani karatasi za mahakama ya mwanzo, stakabadhi, na kitambulisho cha kazi cha karatasi ngumu. Picha nyeusi na nyeupe, kijana wa kama miaka 27, kashona midomo. Nimeshikilia kile kitambulisho mikono inatetemeka na wala si ndugu yangu.

Shida ni mhuri. Wamegonga muhuri wa zambarau wa mviringo nusu kwenye karatasi nusu kwenye uso, umepita shavu la kushoto mpaka kwenye jicho. Na palepale jichoni karatasi imebanduka, naona pini ilishikwa hapo ikapata kutu, imebaki doa la kahawia hakuna picha chini yake.

Mzee Negativu
Umeipigaje? Usiniambie kwa simu na flashi.

Kipara wa Kamera
Hapana mzee. Skana nilibeba, nikaskani kwa 1200, hapo picha ya sentimita 3 na nusu inanipa pikseli kama 1,650 kwa upana, zaidi ya hapo unakuza chembechembe tu. Kisha nikaipiga tena na kamera, kitambulisho kimelala mezani, taa mbili nyuzi 45 kila upande ising'ae. Niliskani kwa rangi ingawa picha ni nyeusi na nyeupe, maana mhuri una rangi. Nikafungua chaneli moja moja. Kwenye kijani mhuri unaonekana umekaa kama lami, kwenye buluu unafifia mpaka herufi huzisomi. Nikachukua ile ya buluu ndiyo ikawa picha, nikamalizia mistari iliyobaki kwa mkono taratibu, usiku mmoja. Shavu limerudi lote, ni shavu lake, lilikuwa chini ya wino muda wote.

Jicho hapana. Pale hakuna kitu cha kurudisha.

chapati_mbili
Si unachukua jicho la kulia unaligeuza unaweka kushoto? Hata mimi najua hilo

Kipara wa Kamera
Nimejaribu kwa kuangalia tu. Sura inakuwa ya sanamu. Watu hatulingani pande mbili, jamaa jicho la kulia limelegea kidogo kope, sasa sijui kama la kushoto nalo lilikuwa hivyo au ndiyo ilikuwa alama yake. Nikiligeuza nimeamua mimi.

Nikamtumia dada yote mawili, iliyosafishwa yenye doa, na ya awali yenye mhuri. Hakujibu siku nzima. Jioni kaandika, "Kaka ahsante. Sasa hilo jicho moja tu lichukue kwa yule wa mnadani."

Binti Usambara
Jamani. Hapo mimi ningefanya. Jicho moja tu, sura ni ya kwake.

wa_Kayole
Apana, ukianza na jicho unamaliza na kichwa.

Mzee Negativu
Sisi zamani tulichora. Penseli ngumu iliyochongwa kama sindano, juu ya negativu. Nimechora nyusi za watu wengi sana, na macho pia nilishachora, siwezi kujifanya mtakatifu mbele ya kijana. Mteja alikuwa anajua nimechora na nilimwonyesha wapi. Kipara mwulize binti kama yuko tayari lichorwe na ionekane limechorwa. Kuna mafundi wa kalamu ya risasi pale Tanga wazuri tu.

Wakili Njaa
Yule wa mnadani ana kofia si umesema macho hayaonekani? Jicho gani hilo mnalogombania?

Kipara wa Kamera
Wakili leo umenichekesha. Ndicho nilichomjibu dada, kwamba hata nikitaka, jicho halipo. Nikampa na habari ya kuchora. Akasema atamwuliza mama.

mamaShukuru
Tunasubiri. Na mama mwenyewe alipoiona ya kitambulisho alisemaje? Hujatuambia hilo.

Kipara wa Kamera
mamaShukuru nilikuwa sijaambiwa hadi leo asubuhi, dada kanipigia. Mama kapewa simu, kaishika muda mrefu. Kasema huyu ndiye, ndiye kabisa, ila siku ile alikuwa kanuna, walikuwa wamekatwa mshahara, baba yenu hakuwa na uso huu nyumbani. Halafu kamwambia mtoto wake amfungulie tena ile ya mnadani. Kasema huyu anafanana naye zaidi kuliko yeye mwenyewe.

Sikuwa na la kusema wakuu. Mpaka sasa sina.

Binti Usambara
😢

Dogo_Fotoshopu
Basi tena nimekaa kimya mimi.

chapati_mbili
Sasa albamu inakuwaje, na balansi?

Kipara wa Kamera
Balansi imeingia laki mbili, moja na nusu kasema mwisho wa mwezi, sijambana. Picha ya ngazi inabaki kama nilivyoipiga, baba mdogo na suti yake. Ya kitambulisho nimechapa ndogo, saizi ya postikadi, ikizidi hapo inapasuka chembe, doa liko palepale. Kuchora mama amekataa. Kama wameichukua ile ya mnadani wakampelekea mtu mwingine afanye sijui, na sikuuliza.

Mzee Negativu
Umerudisha kitambulisho kwa mwenyewe?

Kipara wa Kamera
Hakikutoka nyumbani kwake mzee, niliskani palepale sebuleni amekaa pembeni yangu ananiangalia. Nilipomaliza akakirudisha kwenye bahasha ileile. Nikamwachia nakala moja, hakuiangalia mbele yangu.

kijana_wa_studio
Habari wakuu, nimesoma uzi wote. Samahani swali la pembeni, nina cheti cha babu kina mhuri mwekundu juu ya picha, hiyo chaneli ya buluu itafanya kazi?

Kipara wa Kamera
Mwekundu fungua chaneli nyekundu ndiyo unafifia, kwenye buluu utazidi kuwa mweusi. Skani kwa rangi kwanza, usiskani kwa nyeusi na nyeupe maana hapo chaneli zote zinakuwa sawa na mhuri hautoki tena.